Mavyaa ana nadhiri, shemeji ameapa: jibu kuhusu maulidi ya mtoto

*"Assalaam alaykum Mwalimu. Nimezaliwa na kukulia Lamu, nimeolewa Tanga. Nina mtoto wa kiume anayekaribia siku arobaini. Mavyaa wangu alisema wakati wa uchungu wangu kwamba tukitoka salama atasoma maulidi, na sasa anataka Barzanji nyumbani, matari, mbuzi na wali kwa majirani. Shemeji yangu, aliyerudi masomoni, anasema maulidi yameletwa na Mashia, kusimama ni shirki, na chakula chake haramu. Ameapa hatakanyaga. Mume wangu kanyamaza. Anayosema ni kweli? Na nadhiri ya mama inakuwaje?"*

Waalaykumu salaam binti yangu, na hongera kwa kutoka salama.

Nianze na chakula, maana ndiyo rahisi kuliko yote. Nyama huharamika kwa sababu zinazojulikana: mnyama kafa mwenyewe, au kachinjwa bila ya kufuata sheria, au kachinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu. Mbuzi aliyechinjwa kwa Bismillahi ili wageni wale ni halali, wageni hao wawe wamekuja kusikiliza Barzanji au wamekuja kuwasaidia kuhama nyumba. Ni kweli wapo masheikh wanaoyapinga maulidi wanaomshauri mtu asile chakula chake, lakini wanachokusudia ni asishiriki katika shughuli wanayoiona bidaa. Hawasemi kwamba wali umenajisika. Basi shemeji akiacha sahani kwa ajili ya msimamo wake, mwacheni, msimshike mkono. Akiwaambia majirani kwamba wamekula haramu, hapo ametoka kwenye hoja ya walimu wake na kuingia kwenye hoja nyingine ambayo hana dalili nayo. Angekuwa na dalili kama mtu angechinja akikusudia kumwabudu Mtume au walii kwa ile damu. Hilo halina hitilafu kwa yeyote, na sidhani ndilo analolikusudia mavyaa wako.

Sasa hili la Mashia. Shemeji ana nusu ya ukweli mkononi. Sherehe ya kuzaliwa Mtume (s.a.w.) ambayo ina maandishi ya mapema zaidi ni ile ya makhalifa wa Kifatimi mjini Kairo, nao walikuwa Mashia wa Kiismaili. Lakini ilikuwa shughuli ya kasri: hotuba, msafara wa wakubwa, halua kugawiwa. Na haikuwa ya Mtume peke yake, kwani walimfanyia vivyo hivyo Sayyidna Ali, Bibi Fatuma, Hassan, Hussein, na khalifa mwenyewe aliye kitini. Hayo si maulidi unayoyajua wewe.

Maulidi yanayofanana na yetu, ya watu kukusanyika, kusomewa sira, kuswaliwa Mtume na kulishwa, yalipata nguvu kwa Masunni wa Iraq ya kaskazini. Mosul alikuwako sheikh mchaji akiitwa Umar al-Mallaa akiyafanya. Kisha mtawala wa Irbil, Mudhaffaruddin Kokburi, shemeji yake Salahuddin al-Ayubi, akayafanya makubwa mwanzoni mwa karne ya 7 Hijria. Mwanahistoria Ibn Khallikan, mzaliwa wa Irbil, ameyaeleza kwa kirefu: kondoo na ng'ombe wengi kuchinjwa, mahema ya mbao kando ya njia, wageni kutoka miji ya mbali. Anataja pia jambo ambalo huwa nalirudia darasani, kwamba Kokburi alikuwa akifanya mwaka mmoja tarehe 8 na mwaka mwingine tarehe 12 Rabiul Awwal, kwa sababu wanazuoni walihitilafiana juu ya siku aliyozaliwa Mtume. Miaka mia nane iliyopita mtu huyo alijua kwamba tarehe haina uhakika, na alikuwa na adabu ya kuzipa kauli mbili zamu zake.

Kwa hiyo ukiambiwa "yameletwa na Mashia", sema: sherehe ya siku hiyo, ndiyo, ya kwanza inayojulikana ilikuwa yao. Lakini waliokuja kuitetea na kuiandikia vitabu ni Masunni wakubwa, kama Ibn Hajar al-Asqalani na baada yake Suyuti, na waliokuja kuipinga ni Masunni vilevile, kama Fakihani wa madhehebu ya Maliki. Kulaumu Mashia hakumalizi neno, kwa kuwa shughuli hupimwa kwa kilichomo ndani yake. Na upande wetu nao usijidanganye: hakuna sahaba aliyesoma maulidi, wala taabii, wala yeyote katika maimamu wanne. Anayekwambia yamekuwepo tangu zama za Mtume hajui anachokisema.

Hapo ndipo lilipo fundo lenyewe, na naomba uwe na subira nami kidogo, maana watu wengi hugombana miaka bila kulifikia.

Wote wawili, mavyaa na shemeji, wanampenda Mtume. Wote wanakubali kwamba kusoma sira yake ni jambo jema, kumswalia ni amri ya Qur'ani, na kulisha watu ni thawabu. Wanachohitilafiana ni hiki: ukichukua mambo mema matatu ukayakusanya kwa umbo maalumu, kwa wakati maalumu, ukayapa jina, je, umezua ibada mpya au umetumia chombo kipya kufikia jambo la zamani?

Wanaopinga wanasema: sababu ya kushangilia kuzaliwa Mtume ilikuwepo tangu yeye mwenyewe yuko hai. Hakukuwa na kizuizi. Maswahaba walimpenda kuliko sisi. Kama kitu kina sababu, hakina kizuizi, na bado hakikufanywa, basi kutofanywa huko ndiko sunna. Na wanasoma hadithi ya kila uzushi kuwa ni upotevu. Hoja hii ina uzito, na aliyeisoma vizuri haidharau.

Wanaoruhusu wanajibu: kuacha si kukataza. Sayyidna Umar aliwakusanya watu nyuma ya imamu mmoja katika tarawehe, akasema "bidaa njema ilioje hii". Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani yetu, aliigawa bidaa mafungu mawili: inayopingana na Kitabu na Sunna, na isiyopingana. Na Mtume alipoulizwa juu ya kufunga Jumatatu alisema ndiyo siku aliyozaliwa, hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim. Basi kuiadhimisha siku ile kuna asili.

Shemeji atakwambia: sawa, basi fungeni Jumatatu. Yeye aliiadhimisha kwa kufunga, nyinyi mnaiadhimisha kwa pilau. Hapo mimi hucheka kila mara, kwa sababu ni pigo la haki.

Kuna kauli moja ya Ibn Taymiyya ambayo kila upande huikata kipande chake. Katika kitabu chake *Iqtidhaa* amesema kufanya kuzaliwa Mtume kuwa sikukuu ni jambo ambalo wema waliotangulia hawakulifanya, na kama lingekuwa kheri tupu wao wangestahiki zaidi kulifanya. Kipande hiki shemeji anakijua. Lakini hapohapo amesema kwamba baadhi ya watu hupata ujira mkubwa kwa sababu ya nia yao njema na kumtukuza kwao Mtume. Kipande hiki husomwa na watu wa maulidi wakaficha cha kwanza. Soma vyote viwili pamoja utaona mtu mwenye msimamo mkali ambaye hata hivyo hakuwatoa watu hawa katika dini, wala hakuwaita washirikina.

Hapo tunaingia kwenye kusimama. Shirki ni kumpa asiyekuwa Mwenyezi Mungu kilicho chake Yeye. Kumsimamia mtu kwa heshima hakumo humo, ama sivyo kila mwanafunzi anayemsimamia mwalimu darasani angekuwa mshirikina. Jaafar al-Barzanji mwenyewe, mufti wa Kishafii wa Madina katika karne ya 18, ameandika ndani ya matini kwamba maimamu wamependezewa na kusimama wakati wa kutajwa kuzaliwa. Neno lake ni "wamependezewa". Hakusema sunna wala faradhi, wala hakusema kwamba roho ya Mtume inaingia chumbani. Hili la roho kuingia utalisikia kwa bibi zetu, wengine hata huacha kiti kitupu, nalo halimo kitabuni. Anayepinga kusimama ana hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, kwamba maswahaba walikuwa hawamsimamii Mtume kwa kujua kwamba analichukia jambo hilo. Ni hoja nzuri ya kusema "bora tukae". Haifiki kwenye shirki.

Palipo na mjadala wa kweli wa akida ni kwingine, na nashangaa shemeji hakupataja. Ni kwenye baadhi ya kasida zinazosomwa baina ya milango ya Barzanji, zile ambazo mshairi anamwita Mtume amshike mkono, amtoe katika dhiki. Wapo wanaofahamu hayo kuwa ni tawasuli, yaani kumwomba Mungu kwa jaha ya Mtume, na lugha ya mapenzi. Wapo wanaoona ni kumwomba Mtume mwenyewe kile kinachoombwa kwa Mungu tu. Kisha yako masimulizi ndani ya Barzanji, kama lile la Bibi Asia na Bibi Maryamu kuhudhuria uzazi wa Bibi Amina, ambayo wanazuoni wa hadithi hawayapi sanadi ya kutegemewa. Msomaji mzuri anaweza kuyasema haya wazi: hili ni simulizi, hili ni sahihi. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa akifika hapo anapunguza sauti na kusema, "Ndivyo wanavyosimulia," halafu anaendelea.

Ninajua umekulia Lamu, kwa hiyo nikuambie jambo la mjini kwenu ambalo huenda hukusimuliwa, maana linahusu matari.

Watu hudhani ugomvi wa maulidi pwani umekuja na vijana waliosoma Arabuni. Si kweli. Ugomvi mkubwa wa Lamu ulikuwa baina ya pande mbili ambazo zote zilikuwa zikisoma maulidi. Mji ulikuwa na Barzanji yake, inayosomwa kwa utulivu katika misikiti ya waungwana upande wa Mkomani, kila mtu na nafasi yake ya kukaa. Akaja Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamalilleil aliyezaliwa Ngazija, akaanza kuwasomesha Qur'ani na ilimu watumwa wa zamani na wageni upande wa Langoni, watu ambao wakubwa wa mji hawakuona sababu ya kuwafundisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama Msikiti Riyadha. Kisha yakaingia maulidi mapya, *Simtud Durar*, yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiyun huko Hadhramaut, ambaye aliyatoa mwaka 1327 Hijria, sawa na 1909. Riyadha yalisomwa kwa matari, ndani ya msikiti, na walioyapiga na kuyaitikia ni watu wale wale wa Langoni.

Wakubwa walikasirika. Walisema ngoma haina nafasi msikitini. Na hoja ya fikihi walikuwa nayo, lakini ukiisikiliza vizuri utasikia pia swali jingine chini yake: nani ana haki ya kupaza sauti msikitini? Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na leo yale yaliyokuwa kero ndiyo maulidi ya mji mzima. Wiki ya mwisho ya Mfungo Sita wageni hujaa, Habshi husomwa Riyadha, kaburi la Habib Swaleh huzuriwa, na zafa hupita mjini kwa matari na bendera. Mashindano ya punda na ya majahazi yamekuja kuongezwa pembeni, hayo ni tamasha na hakuna anayeyadai kuwa ibada. Wajukuu wa waliopinga wamo ndani ya zafa.

Mombasa nako, katika miaka ya 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa akiandika kwa Kiswahili dhidi ya mila alizoziona bidaa. Alikuwa mtu wa pwani, Mshafii, aliyesomea kwa masheikh wa huku huku. Kwa hiyo shemeji hakuleta kitu cha kigeni, amekikuta njiani.

Kuhusu tari lenyewe, fikihi ya Kishafii ni pana kuliko watu wanavyodhani. Imamu Nawawi katika *Minhaj* ameruhusu tari katika harusi na tohara, na katika mengineyo kwa kauli iliyo sahihi zaidi, hata likiwa na njuga. Kuzaliwa mtoto kunaingia hapo bila taabu. Linalozuilika ni mengine yanayokuja nalo: vipaza sauti hadi usiku wa manane jirani ana mgonjwa, wanaume na wanawake kubanana ukumbini, na magharibi kupita watu wakiwa kwenye kiitikio. Nimewahi kukaa kwenye maulidi ambayo adhana ililia na msomaji akaongeza kasida mbili. Siku hiyo niliona shemeji wa dunia nzima wana haki.

Nije nyumbani kwako sasa. Umeniambia mtoto anakaribia arobaini lakini hukunitajia akika. Kama haijafanywa, hapo pana mlango. Akika ni sunna ambayo shemeji mwenyewe ataitetea: mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, siku ya saba ndiyo bora, na ikipita, kwa Mashafii baba anaweza kuifanya mpaka mtoto abaleghe. Mwombeni shemeji awachinje yeye. Awe ndiye anayeshika kisu asubuhi, nyama igawiwe na ipikwe, nyingine iende kwa maskini. Akitoka hapo akaenda zake kabla ya alasiri, amekuwa ndani ya furaha ya mtoto wa kakake bila ya kukanyaga asichokiamini.

Halafu Barzanji isomwe baina ya alasiri na magharibi. Haihitaji zaidi. Wasomaji wawili watatu wenye kujua wanaweza kuimaliza yote, pamoja na kasida chache na dua, na bado mkaipata jamaa ya magharibi. Waambie mapema wachague kasida za kumsifu na kumswalia Mtume, waziache zile za kumwomba haja. Hutapoteza kitu, na umeliondoa lile fundo zito kuliko yote. Milango inayoishia kwa *Attiril-lahumma* iwe kwa utulivu, chetezo kipite na udi, watoto wapite na mrashi. Mimi nilikuwa mtoto wa mrashi, na najua kwamba kwa mtoto hiyo ndiyo maulidi yenyewe: kumwagia marashi mzee mwenye kanzu mpya na asikukaripie. Wanawake wapewe vikuba vyao. Wakifika kwenye *Ya Nabii salaam alayka* anayetaka asimame na anayetaka akae, na mwenye nyumba alitamke hilo mwanzoni ili asitazamwe vibaya aliyekaa. Matari, kama lazima yawepo, yaje baada ya matini kwa muda mfupi. Kama yatavunja undugu, yaacheni. Barzanji imesomwa bila tari kwenye misikiti mingi kwa miaka mingi na haikupungukiwa.

Na tafadhali, msikope. Nimeziona nyumba zilizochukua mkopo wa kikundi kununua mchele wa maulidi, halafu mwezi wa pili mtoto hana maziwa. Kahawa chungu, tende na sinia la vileja vinatosha kabisa kukirimu wasomaji. Hakuna mwanazuoni wa upande wowote aliyesema pilau ni nguzo.

Mume wako lazima aseme. Kunyamaza kwake ndiko kunakokufanya wewe uwe kiwanja cha mama yake na ndugu yake. Si kazi yako kumjibu shemeji hoja za fikihi ukiwa na mtoto kifuani. Kazi ya kusema "itakuwa hivi, mwisho wake saa fulani, na ndugu yangu asisumbuliwe" ni yake.

Zimebaki nadhiri na kiapo, na haya mawili siwezi kuyakata kwa mbali. Nitakueleza jinsi yanavyopimwa, kisha mwende kwa mtu.

Nadhiri kwa Mashafii haithubutu kwa moyo tu. Ni lazima itamkwe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mavyaa ni hili: ulilisema kwa ulimi, au uliazimia moyoni? Kama ilikuwa azma ya moyo, hiyo si nadhiri. Ni nia njema, akitaka ataitimiza na asipoitimiza hana deni. Kama alitamka, swali la pili ni maneno yenyewe. "Nikipata mjukuu salama, ni juu yangu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu nichinje mbuzi nilishe maskini" hiyo ni nadhiri kamili na hakuna anayeipinga, hata shemeji. "Wakitoka salama nitasoma maulidi" ni kitu kingine. Kwanza, huenda ikahesabiwa ahadi na si nadhiri, maana hakujilazimisha. Pili, nadhiri hufunga katika jambo la kujikurubisha kwa Mungu, kwa hadithi ya Bibi Aisha iliyomo katika Bukhari, kwamba aliyeweka nadhiri ya kumtii Mungu na amtii, na aliyeweka ya kumuasi asimuasi. Kwa sheikh anayeona maulidi ni jambo jema, kumswalia Mtume na kulisha watu kunaingia kwenye twaa. Kwa anayeyaona bidaa, haikufunga. Utapata majibu mawili kwa swali moja, kwa hiyo muulizeni mmoja tu, anayekubaliwa na mama na mwana.

Kuna mtego hapa ambao watu huanguka. Mbuzi wa nadhiri hahesabiki kuwa wa akika. Mama akiwa alinadhiria mbuzi, huyo ni wa tatu, na kwa Mashafii mwenye nadhiri haili nyama yake, inakwenda kwa waliokusudiwa. Mkiwachanganya kwenye sufuria moja hamtajua nani kala nini. Chinjeni siku mbili tofauti, au mpikie masufuria tofauti na mjue lipi ni lipi.

Na kiapo cha shemeji: alisema "Wallahi", au alisema tu "sikanyagi"? Kama ni la pili, hakuna kitu, ni maneno ya hasira. Kama aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, basi nyumba ya kakake imefungwa kwake kwa kiapo, na lazima ijulikane alikusudia nini: kutokanyaga siku ya maulidi, au kutokanyaga kabisa. Mtume amefundisha, na imo katika Muslim, kwamba aliyeapa kisha akaona kingine ni bora kuliko alichokiapia, afanye kilicho bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara ni kulisha maskini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula cha mji, yaani nusu kilo na ziada kidogo, au kuwavisha. Asiyeweza hilo ndiye hufunga siku tatu. Yeye aliyesoma analijua hili, ila mtu akikasirika husahau vitabu vyake. Mlango wa akika niliokutajia hautafunguka mpaka ajue kiapo chake kinasema nini, kwa hiyo hili lianze.

Nendeni kwa kadhi wa mkoa au sheikh wa mtaa mnayemwamini, mavyaa na shemeji pamoja, mume wako awapeleke, wewe baki na mtoto. Kila mmoja akariri maneno aliyoyasema, yale yale, bila kuyapamba. Nakuomba tu kabla ya hapo umkalie mavyaa peke yenu, usiku ukishamlaza mtoto, umuulize ile siku ya uchungu alisema nini hasa na alisema kwa sauti au kwa moyo. Uliza kama mkwe anayetaka kujua, usiulize kama hakimu, na mwache asimulie mpaka amalize.